Vidonge vya soya na kohoshi nyeusi kwa mwanamke aliye kwenye tamoksifeni

*"Habari daktari. Nina miaka 51. Miaka miwili iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, nikaambiwa ni ile inayotegemea homoni, na tangu hapo nameza tamoksifeni miligramu 20 kila siku. Hedhi imekoma na joto la ghafla linanitesa, kama mara tisa kwa siku, usiku natoa jasho hadi nabadilisha shuka. Dada yangu amenipa chupa ya vidonge 'vya asili'. Kila kidonge kina soya miligramu 250 yenye isoflavoni asilimia 40, na kohoshi nyeusi miligramu 40, unameza viwili kwa siku. Vitanisaidia? Au vitaamsha ugonjwa? Na soya ya kula je, niiache?"*

Dada, chupa hiyo iache kama ilivyo, usiifungue. Soya ya kula huna haja ya kuiogopa. Na joto hilo lina dawa ambazo zimejaribiwa kwa wanawake walio katika hali yako hasa, kwa hiyo usikae nalo kimya, na kwa vyovyote vile usiache tamoksifeni ili upate nafuu.

Najua jibu la "soya ya chupa hapana, soya ya sahani sawa" linasikika kama mchezo wa maneno. Tuanze basi na ile lebo, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu iko pale.

Isoflavoni ni kemikali za asili zilizomo ndani ya soya. Soya miligramu 250 yenye isoflavoni asilimia 40 ni isoflavoni miligramu 100 kwa kidonge. Viwili ni 200 kwa siku. Hapo kuna jambo ambalo watengenezaji wengi hawalisemi. Ndani ya mmea, isoflavoni huwa imefungamana na sukari, na uzito wa ile sukari mara nyingi huhesabiwa pamoja nayo kwenye lebo. Tumboni bakteria huivua sukari, na kinachobaki ni kama asilimia 60 ya uzito ulioandikwa. Kwa hiyo 200 zako, zikiwa zimepimwa na sukari yake, ni kama 125 halisi. Zikiwa zimepimwa bila sukari, ni 200 kamili, na lebo yako haisemi ni ipi kati ya hizo mbili. Sasa linganisha na chakula: kikombe kimoja cha maziwa ya soya kina takriban miligramu 25 halisi. Hata tukichukua hesabu ndogo, vidonge viwili vinakupa isoflavoni ya vikombe vitano vya maziwa ya soya kila siku, vikiingia mwilini kwa mafungu mawili, bila protini wala nyuzi za chakula chenyewe. Wajapani, ambao wamekula soya kizazi baada ya kizazi, kwa wastani hupata kati ya miligramu 25 na 50 kwa siku. Wewe ungekuwa mara mbili na zaidi ya kiwango hicho kuanzia siku ya kwanza.

Mbona kiasi kiwe na uzito hivyo? Kwa sababu isoflavoni, hasa ile iitwayo genisteini, ina umbo linalofanana na estrojeni, homoni ya kike, kiasi cha kuweza kukaa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea. Vipokezi hivyo ni vya aina mbili, alfa na beta. Genisteini hupendelea zaidi beta, na huko nguvu yake ni ndogo ukilinganisha na estrojeni ya mwili. Lakini seli za saratani inayotegemea homoni zinaongozwa hasa na alfa, na genisteini ikiwa nyingi hufika huko pia. Ndiyo sababu watu wanabishana: kitu kimoja kinaweza kukaa kwenye kiti cha estrojeni na kuizuia isikae, au kikakaa hapo na kufanya kazi yake taratibu. Kipi kitatokea kunategemea kiasi cha genisteini na kiasi cha estrojeni ya mwili iliyopo. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi ana estrojeni tele, na genisteini kidogo haionekani. Mwanamke ambaye hedhi imekoma ana estrojeni kidogo sana, na hapo hata kitu dhaifu kinaweza kusikika.

Hilo lilionekana wazi kwa panya. Watafiti walichukua panya walioondolewa ovari, wakawapandikizia seli za saratani ya titi ya binadamu zenye vipokezi vya estrojeni, kisha wakawalisha genisteini. Uvimbe ulikua. Katika majaribio mengine ya aina hiyo hiyo, genisteini ilipunguza uwezo wa tamoksifeni wa kuzuia uvimbe, na baadaye ikaonekana kufanya hivyo hivyo kwa letrozoli, dawa nyingine ya homoni ya saratani ya titi. Haya ndiyo yaliyoanzisha hofu ya soya kwa wagonjwa wa saratani ya titi, na kwa miaka mingi madaktari, mimi nikiwemo, tuliwaambia wagonjwa waache soya yote. Tulizidisha. Panya haivunji genisteini kama binadamu. Katika damu yake inabaki kwa wingi ikiwa huru na hai, ilhali ini na utumbo wetu huifunga karibu yote kabla haijazunguka. Na ile genisteini tupu iliyotiwa kwenye chakula cha panya inafanana na kidonge kuliko inavyofanana na soya ya jikoni.

Walipotazamwa wanawake wenyewe, picha ilikuwa tofauti. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya titi. Waliokula soya zaidi hawakufa zaidi wala kurudiwa na ugonjwa zaidi. Vifo na kurudiwa vyote vilikuwa vichache zaidi kwao, na mwelekeo ulikuwa huo huo kwa waliokuwa wakitumia tamoksifeni na wasioitumia. Mwaka 2012 takwimu za wanawake zaidi ya 9,500 kutoka Marekani na China zilikusanywa pamoja, na waliokula isoflavoni kuanzia miligramu 10 kwa siku katika chakula walirudiwa na ugonjwa mara chache zaidi. Hizi ni tafiti za kutazama tu. Anayekula soya nyingi huenda pia anafanya mazoezi au hanywi pombe, kwa hiyo sisemi kwamba soya inatibu. Ninachosema ni kwamba kama soya ya chakula ingekuwa inaamsha saratani, makundi makubwa kiasi hicho yangeonyesha dalili yake, na yalionyesha kinyume. Kwa hiyo kikombe kimoja au viwili vya maziwa ya soya kwa siku, au tofu, au maharage yenyewe ya soya, kula bila wasiwasi.

Kidonge hakina ushahidi wa namna hiyo nyuma yake. Wanawake wa Shanghai hawakuwa wakimeza soya iliyokolezwa. Kuna jaribio moja la mwaka 2014 ambalo hunirudia akilini kila ninapoulizwa swali hili. Wanawake waliokuwa wamegundulika na saratani ya titi walipewa unga wa protini ya soya kila siku kwa wiki moja hadi nne wakisubiri upasuaji, wengine wakapewa unga wa maziwa. Baada ya upasuaji uvimbe ulichunguzwa. Kasi ya ukuaji wa seli kwa ujumla haikubadilika. Lakini kwa baadhi ya wanawake ambao genisteini ilipanda sana katika damu, jeni kadhaa zinazohusika na kukua na kugawanyika kwa seli zilikuwa zimeongezeka kazi. Haithibitishi kwamba mtu atarudiwa na ugonjwa. Inatosha kunifanya nisimpe mgonjwa wangu kiasi kikubwa cha genisteini kwa ajili ya faida ndogo.

Na faida yenyewe ni ndogo kweli. Kwa wanawake wasio na saratani, uchambuzi mmoja wa mwaka 2012 uliojumlisha majaribio mengi uliona kwamba isoflavoni ya kiasi cha kama miligramu 54 kwa siku ilipunguza idadi ya joto la ghafla kwa takriban asilimia 20 zaidi ya kidonge bandia, yaani kisicho na dawa ndani, na vidonge vyenye genisteini zaidi vilifanya vizuri zaidi. Wachambuzi wa Kokreni, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, waliopitia majaribio 43 mwaka 2013, walikuwa wagumu zaidi: hawakuona uthibitisho wa kutosha kwa soya kwa jumla, ila walikiri kuwa genisteini iliyokolezwa ya miligramu 30 na kuendelea ilistahili kutafitiwa zaidi. Sehemu ya tofauti hizi huenda inatokana na bakteria wa utumbo. Watu fulani wana bakteria wanaogeuza isoflavoni moja, daidzeini, kuwa ikwoli, ambayo ina nguvu zaidi, na wengine hawana. Katika nchi za Magharibi wenye bakteria hao ni robo hivi, katika Asia ya Mashariki ni nusu au zaidi.

Kwa wanawake waliotibiwa saratani ya titi hata hiyo asilimia 20 haikuonekana. Kati ya mwaka 2000 na 2005 yalifanyika majaribio matatu yaliyolinganisha soya na kitu bandia kwao: moja la wanawake 177 waliomeza vidonge vya miligramu 150 kwa siku, moja la wanawake 157 waliokunywa kinywaji cha soya cha miligramu 90, na moja dogo la wanawake 72. Yote matatu, soya haikushinda. Huenda ni kwa sababu joto la mtu anayetumia tamoksifeni si la kukoma hedhi peke yake. Dawa yenyewe huzuia estrojeni isifike kwenye sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili, kwa hiyo kipokezi kimezibwa, na kuongeza kitu dhaifu chenye umbo la estrojeni ni kama kugonga mlango uliokwisha kukomewa.

Sasa kohoshi nyeusi. Huu ni mmea wa misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, na kinachotumika ni mzizi wake. Watu wengi huiweka kapu moja na soya wakidhani nayo ni estrojeni ya mimea. Zamani hata vitabu vyetu vilisema hivyo. Uchunguzi wa baadaye haukuona ikibadilisha viwango vya homoni kwenye damu wala kuongeza unene wa ukuta wa mfuko wa uzazi kama estrojeni inavyofanya. Inadhaniwa inagusa njia za serotonini kwenye ubongo. Kwa hiyo hofu ya kwamba italisha saratani moja kwa moja kwa njia ya homoni ni ndogo kuliko ya soya iliyokolezwa. Utafiti mmoja wa panya wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba panya waliokwisha kupata saratani ya titi, wakilishwa kohoshi nyeusi, saratani yao ilisambaa zaidi mapafuni. Kwa binadamu hilo halijaonekana. Nalitaja kwa sababu utalikuta ukitafuta, na ni vizuri ulijue kwa uzito wake halisi: ni onyo, haliwi hukumu.

Tatizo la kohoshi nyeusi ni kwamba haifanyi kazi iliyoahidiwa. Mwaka 2006 kulichapishwa jaribio la mwaka mzima kwa wanawake 351 wasio na saratani. Waliomeza miligramu 160 kila siku, ambazo ni mara mbili ya kiasi cha kwenye chupa yako, hawakutofautiana na waliomeza kidonge bandia, wakati waliopewa homoni joto lilipungua sana. Kwa waliotibiwa saratani ya titi kuna majaribio mawili mazuri. La mwaka 2001 lilikuwa na wanawake 85, wengi wao wakitumia tamoksifeni. Joto halikupungua zaidi ya kidonge bandia, ingawa jasho kwa baadhi lilipungua. La mwaka 2006 lilikuwa na wanawake 132 ambao kila mmoja alitumia kohoshi kwa muda na kidonge bandia kwa muda, bila kujua kipi ni kipi. Kohoshi haikushinda. Utasikia pia habari ya utafiti wa mwaka 2003 ambapo karibu nusu ya waliotumia kohoshi pamoja na tamoksifeni walisema joto limekwisha kabisa. Ule haukuwa na kidonge bandia, na kila mshiriki alijua anachomeza. Hapo ndipo mambo haya huharibika.

Niruhusu nikae kidogo kwenye hicho kidonge bandia, maana ndicho kinachoeleza kwa nini dada yako, au rafiki yake, anaapa kwamba vidonge hivi vilimsaidia. Joto la ghafla hupungua lenyewe kadiri wiki zinavyopita, na mtu huanza kutibu wakati limemzidi. Katika majaribio ya wagonjwa wa saratani ya titi, kidonge kisicho na chochote hupunguza joto kwa takriban robo ndani ya wiki nne. Kwa hiyo wewe mwenye tisa kwa siku ungeweza kumeza sukari tupu na kushuka hadi saba au sita, ukaamini kwa dhati kwamba dawa imefanya kazi. Simcheki dada yako. Nafuu aliyoiona ni ya kweli, ila haikutoka chupani.

Kisha kuna ini. Mamlaka za dawa za Ulaya, Uingereza na Australia zilitoa maonyo kuanzia mwaka 2006 kuhusu watu waliopata homa ya ini baada ya kutumia kohoshi nyeusi, wachache kati yao wakafikia kuhitaji kupandikizwa ini. Ni nadra, lakini haitabiriki. Mara nyingi huanza kati ya wiki ya pili na ya kumi na mbili: uchovu usioeleweka, kichefuchefu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, mwili kuwasha, macho kuwa ya njano, maumivu chini ya mbavu za kulia. Baadhi ya chupa zilizopimwa hazikuwa na kohoshi ya kweli bali mimea ya jamii yake kutoka Asia, jambo ambalo mnunuzi hawezi kuligundua kwa macho wala kwa kunusa. Wewe una sababu ya ziada ya kujihadhari, kwa kuwa tamoksifeni nayo huweza kujaza mafuta kwenye ini na kupandisha vipimo vyake. Ukiwa kwenye vyote viwili na vipimo vikapanda, daktari wako hatajua amlaumu nani, na anaweza kulazimika kusimamisha ile dawa unayoihitaji kwa sababu ya ile usiyoihitaji.

Mgonjwa mmoja niliyemhudumia alipitia hali kama hiyo. Alikuwa kwenye tamoksifeni mwaka wa pili, akaja na vipimo vya ini vilivyopanda mara nne ya kawaida. Nilimuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote, akasema hapana. Tukasimamisha tamoksifeni, tukapiga picha ya ini, tukapima virusi, yote yakarudi safi. Wiki ya tatu, alipokuwa anatafuta miwani mkobani, kikadondoka kichupa cha mitishamba ya kukoma hedhi. Hakuwa amedanganya. Kwake hiyo haikuwa dawa. Aliiacha, vipimo vikashuka baada ya wiki kadhaa, akarudi kwenye tamoksifeni bila tatizo. Tangu siku ile siulizi tena "dawa", nauliza "kitu chochote unachomeza, kunywa au kupaka".

Kuna na suala la mfuko wa uzazi, ambalo linarudi kwenye soya. Tamoksifeni huzuia estrojeni kwenye titi lakini kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi hufanya kazi kama estrojeni, na ndiyo maana tunawaonya wanawake waliokoma hedhi kuhusu kutokwa damu. Jaribio moja la Italia lililochapishwa mwaka 2004 liliwapa wanawake wenye afya isoflavoni miligramu 150 kwa siku kwa miaka mitano. Kati ya waliomaliza, zaidi kidogo ya asilimia 3 walikuwa na ukuta ulionenepa kupita kawaida, na hakuna hata mmoja kwenye kundi la kidonge bandia. Kwa muda mfupi hali hiyo haionekani: mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia tafiti na haikuona madhara ya isoflavoni ya vidonge kwenye titi, mfuko wa uzazi wala tezi ya shingo kwa wanawake waliokoma hedhi. Usome vizuri lakini: tathmini ile ilihusu wanawake wasio na saratani inayotegemea estrojeni. Muuzaji atakuonyesha sentensi ya kwanza na kuacha hii. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya mfuko wa uzazi naye namwambia kama ninavyokuambia wewe, chakula sawa, kidonge hapana. Na wewe ukitokwa na damu ukeni, hata matone, hata mara moja tu, nenda ukapimwe.

Sasa kinachofaa. Anza leo kuandika kwa siku saba kila joto linapokuja na ukali wake: dogo pointi moja, la wastani mbili, kali tatu, na kali mno, linalokufanya uache unachofanya au ubadilishe nguo, pointi nne. Tuseme katika siku moja una madogo manne, ya wastani matatu na makali mawili. Hiyo ni 4 na 6 na 6, jumla 16. Namba hii ndiyo inayotumika kwenye majaribio, na ndiyo itakayokuambia baada ya wiki nne kama dawa yoyote uliyopewa inafanya kazi au unajipa moyo.

Dawa ninayoitazama kwanza kwa mtu aliye kwenye tamoksifeni ni venlafaksini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, kidonge bandia kilipunguza pointi kwa asilimia 27 na venlafaksini miligramu 75 kwa asilimia 61. Kwa 16 zako, kidonge bandia kingekushusha hadi kama 12, venlafaksini hadi kama 6. Huanzwa na miligramu 37.5 kwa wiki moja, kisha 75, na nafuu huanza kuonekana ndani ya wiki mbili, upesi kuliko inapotumika kwa sonona. Huleta kinywa kukauka, kichefuchefu cha siku za mwanzo, na huweza kupandisha presha, hivyo ipimwe. Haiachwi ghafla, hupunguzwa taratibu. Kosa la kuepuka hapa ni kupewa dawa nyingine za sonona, paroksetini au fluoksetini, badala yake. Hizo hupunguza joto pia, lakini hukaba kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, ambacho ndicho kinachogeuza tamoksifeni kuwa endoksifeni, umbo lake lenye nguvu. Venlafaksini haikigusi sana. Mtoa dawa asiyejua unatumia tamoksifeni anaweza kukuandikia yoyote kati ya hizo, kwa hiyo mwambie kabla hajashika kalamu.

Kwa kuwa usiku ndio unaokuumiza zaidi, gabapentini nayo ifikirie. Jaribio la wanawake 420 wenye saratani ya titi, lililochapishwa mwaka 2005, lilionyesha kuwa miligramu 900 kwa siku husaidia, 300 haitoshi. Huleta usingizi, na kwako hiyo huenda ikawa faida ukiimeza fungu kubwa jioni. Oksibutinini, dawa ya kibofu, imejaribiwa pia kwa dozi ndogo ikafaa, ila hukausha kinywa na macho, na kwa wenye umri mkubwa huvuruga kumbukumbu. Kuna dawa mpya zinazolenga moja kwa moja neva za ubongo zinazowasha joto hili. Fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, haikujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya titi katika majaribio yake makuu, na mwaka 2024 iliwekewa onyo kali la ini. Elinzanetanti ilijaribiwa hasa kwa wanawake walio kwenye dawa za homoni za saratani ya titi, matokeo yakachapishwa mwaka 2025, na yalikuwa mazuri. Kama inapatikana unakoishi, muulize daktari wako. Homoni zenyewe za kukoma hedhi usizikubali. Jaribio kubwa la Skandinavia kwa waliowahi kuugua saratani ya titi lilisimamishwa mwaka 2003 kwa sababu ugonjwa ulikuwa ukirudi zaidi kwa waliopewa.

Sababu ya kukusisitiza hivi kuhusu kutibu joto ni kwamba wanawake wengi hawaachi tamoksifeni kwa kutoiamini. Wanaiacha kwa sababu ya jasho la usiku. Na tamoksifeni ya miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya titi ya aina yako kwa takriban theluthi moja kwa miaka 15 tangu kuanza matibabu.

Iwapo baadaye utahamishiwa letrozoli au dawa nyingine ya kundi lake, msimamo wangu juu ya kidonge cha soya unakuwa mkali zaidi. Dawa hizo hazizibi kipokezi, hukausha estrojeni yenyewe hadi ibaki karibu na sifuri, na hiyo ndiyo hali ambayo wale panya walioondolewa ovari walikuwa nayo. Chakula cha soya unaweza kuendelea nacho. Na kama unatumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo, acha saa kadhaa kati yake na soya, kwa kuwa soya hupunguza ufyonzwaji wake tumboni.

Kama ulishameza baadhi ya vidonge kabla ya kuniandikia, hakuna haja ya hofu. Wiki moja au mbili hazijaharibu kitu. Acha, omba vipimo vya ini katika ziara yako ijayo, na uende na chupa yenyewe ili lebo isomwe.